Kipimo cha kwanza kwa majeruhi wa ajali: ultrasaundi au eksirei?

Katika hospitali ya wilaya yenye mashine moja ya eksirei na moja ya ultrasaundi, bila siti-skani, majeruhi aliyegongwa tumboni huanza na ultrasaundi ikiwa presha yake inashuka. Eksirei hufuata baadaye, na wakati mwingine haihitajiki kabisa. Mpangilio huu haumaanishi kwamba ultrasaundi huona mengi zaidi. Sababu ni kwamba hujibu swali ambalo mgonjwa hana muda wa kulisubiri, yaani kama kuna damu inayovuja ndani ya tumbo, na hulijibu pale pale kitandani huku dripu ikiendelea.

Swali hili ni la kila siku katika ukanda wa Kibaha na Kisarawe. Barabara ya Morogoro hupita Kibaha ikiwa na mabasi na malori yanayoingia na kutoka Dar es Salaam, na viwanda vya Zegereni vimeongeza magari makubwa kwenye njia zinazotumiwa pia na bodaboda na watembea kwa miguu. Hospitali ya Tumbi mjini Kibaha, ambayo chimbuko lake ni mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963, imepokea majeruhi wa barabara hiyo kwa miongo mingi. Lakini si kila kituo cha afya cha eneo hilo kina vifaa vya hospitali ya rufaa ya mkoa, na safari ya kufika Muhimbili hupita kwenye foleni.

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha hatua zenyewe. Dereva wa bodaboda mwenye umri wa miaka 24 analetwa baada ya kugongwa na lori, na usukani wa pikipiki umemchoma ubavu wa kushoto. Presha ni 85 kwa 50, mapigo ya moyo 128 kwa dakika, viganja ni vya baridi. Anajibu maswali vizuri. Fomu iliyojazwa kwa haraka inaomba picha za eksirei za kichwa, kifua, tumbo na nyonga. Kuitekeleza fomu hiyo ni kumsukuma kwenye machela hadi chumba cha eksirei, kumgeuza mara kadhaa juu ya meza, na kumwacha peke yake kila picha inapopigwa kwa sababu ya mionzi. Nusu saa hupita kirahisi. Baya zaidi, picha ya eksirei ya tumbo haionyeshi damu iliyomwagika, kwa kuwa damu na nyama laini hutoa kivuli kinachokaribia kufanana.

Uchunguzi wa ultrasaundi kwa majeruhi ulianza kutumika Ulaya katika miaka ya 1970 na kuenea Marekani katika miaka ya 1990. Hutazama sehemu chache tu. Mgonjwa hulala chali, na probu iliyopinda huwekwa kwanza ubavuni kulia, kati ya ini na figo, mahali ambapo damu hupenda kukusanyika hata kama jeraha liko kwingine. Kisha huhamishiwa kushoto, kati ya bandama na figo, ikiwekwa juu zaidi na nyuma zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Sehemu ya tatu ni nyuma ya kibofu cha mkojo, ya nne ni chini ya mfupa wa kifua ili kuona mfuko wa moyo. Damu mbichi huonekana kama utepe mweusi. Kazi yote huchukua dakika tatu hivi kwa mtu aliyezoea, na ni vyema sehemu ya kibofu itazamwe kabla ya kuweka mpira wa mkojo, kwa sababu kibofu kilichojaa ndicho dirisha la kuonea nyonga.

Kwa kijana huyu, utepe mweusi unaonekana karibu na bandama na mwingine nyuma ya kibofu. Presha inapanda hadi 95 baada ya dripu, kisha inaanguka tena. Hapo uamuzi umepatikana: damu ya kuongezewa iandaliwe na mgonjwa aende chumba cha upasuaji, si chumba cha eksirei. Kama hospitali haina daktari wa upasuaji au damu, simu ya rufaa hupigwa dakika hiyo hiyo. Kumpiga picha nyingine kabla ya kuondoka ni kumchelewesha.

Ugumu huja ultrasaundi isipoonyesha kitu. Damu iliyo chini ya mililita 200 hivi hukosekana mara nyingi, na mikononi mwa asiyezoea kiasi kinachopita bila kuonekana huwa kikubwa zaidi. Damu iliyoganda hugeuka kijivu na kufanana na nyama ya jirani. Utumbo uliotoboka, kongosho lililopasuka na damu iliyojificha nyuma karibu na uti wa mgongo vyote vinaweza kupita bila alama. Kwa hiyo jibu la "hakuna maji" kwa mgonjwa mwenye presha nzuri humaanisha apimwe tena baada ya muda, na mapema zaidi maumivu yakizidi. Kwa mwenye presha mbaya humaanisha damu itafutwe kwingine: kifuani, kwenye mfupa wa paja, kwenye nyonga.

Hapa ndipo eksirei inapopata kazi yake. Picha ya nyonga huonyesha mvunjiko unaoweza kumwaga damu nyingi bila tumbo kuonyesha chochote, na humwelekeza daktari kuifunga nyonga kwa shuka imara. Picha ya kifua huonyesha mbavu zilizovunjika na damu nyingi kifuani. Lakini hewa iliyovuja kando ya pafu hukosekana mara nyingi kwenye picha ya mgonjwa aliyelala chali. Probu ikiwekwa mbele ya kifua, kukosekana kwa mtelezo wa pafu huashiria hewa hiyo mapema. Mgonjwa mwenye presha nzuri na tumbo gumu apigwe picha ya kifua akiwa ameketi: hewa chini ya kiwambo huashiria utumbo uliotoboka.

Kosa la upande wa pili ni kuamini kila utepe mweusi. Maji ya tumbo ya ugonjwa wa ini au ya kifua kikuu huonekana hivyo hivyo, mkojo wa kibofu kilichopasuka pia. Sindano ikichomwa tumboni na kuvuta maji ya njano, habari ni nyingine. Ikivuta damu isiyoganda, shaka hupungua sana. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa aliyezimia bila ajali, maji hayo hayo pamoja na kipimo cha mimba chenye jibu chanya humaanisha mimba iliyotunga nje ya kizazi hadi ithibitishwe vinginevyo.

Picha ya eksirei ya kichwa iliyoombwa kwenye ile fomu haina faida. Fuvu linaweza kuonekana zima huku damu ikikandamiza ubongo, na kifaa cha kuiona ni siti-skani. Majeruhi mwenye fahamu inayoshuka kwenye kipimo cha Glasgow, ambacho kilele chake ni 15, hupelekwa rufaa kwa sababu ya fahamu hiyo, si kwa sababu ya filamu. Kwenye barua ya rufaa daktari aandike saa ya kila kipimo cha ultrasaundi, sehemu nne alizotazama na mahali maji yalipoonekana, kwa sababu mashine nyingi ndogo hazitoi picha ya kubeba, na daktari anayempokea mgonjwa hana namna nyingine ya kujua kama maji yameongezeka.