Pua Kavu na Barakoa Inayovuja: Dhiki za Tiba ya Kukatika Pumzi Usingizini

Maradhi ya kukatika pumzi usingizini huanzia kooni, ambamo misuli iliyolegea kwa usingizi huiacha njia ya hewa ijifunge kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena usiku kucha, hata damu ikapungukiwa na oksijeni na ubongo ukalazimika kumzindua mgonjwa bila ya mwenyewe kujua. Tiba yake iliyo mashuhuri, iliyotangazwa mwaka 1981 na tabibu Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, ni mashine iitwayo CPAP, ambayo huivuta hewa ya chumbani na kuisukuma ndani ya barakoa kwa shinikizo lisilokatika, ili koo libaki wazi. Wengi waiachao hawaiachi kwa kuwa imeshindwa kazi hiyo, bali kwa barakoa iwaumizayo na pua iwakaukayo. Na rai yangu ni kwamba dhiki hizi mbili, ambazo wagonjwa humletea tabibu kama mashtaka mbalimbali, aghalabu asili yake ni moja, nayo ni hewa inayovuja.

Tumtwae kwa mfano mfanyabiashara wa Mombasa, mtu wa makamo, aliyepewa barakoa ya pua na mashine iliyowekwa shinikizo la sentimita 10 za maji. Hulala saa nne ya usiku akiwa salama, lakini ifikapo saa saba huamka pua inamwasha kwa ukavu, ulimi umegandamana na kaakaa, na upepo unampuliza machoni. Kwa kudhani barakoa imelegea, huikaza mikanda hadi mwisho, na haupiti muda mrefu ila amepata kidonda juu ya mwanzi wa pua, ilhali upepo wa machoni ungalipo, pengine umezidi. Sababu ni kwamba ukingo wa silikoni una utando mwembamba unaopaswa kujazwa na hewa yenyewe ndipo ujilaze vyema usoni. Ukibanwa mno hukunjamana, na penye mkunjo ndipo hewa ipatapo upenyo.

Basi na aivae upya akiwa amelala juu ya mto wake wa kila siku, kwani nyama za uso wa aliyelala hazikai kama za aliyeketi. Mashine iwashwe mpaka ifikie shinikizo la usiku, mikanda ilegezwe yote, barakoa ivutwe mbele kidogo ili ukingo ujae hewa, kisha irudishwe taratibu na mikanda ikazwe kwa usawa, kidogo kidogo, na mkono ukome pale pale uvujaji ukomapo. Hewa itokayo kwenye vitundu vya mbele asihangaike nayo wala asivizibe, maana ndimo itokamo pumzi chafu. Na kila asubuhi ukingo uoshwe kwa sabuni isiyo kali, kwani mafuta ya uso huufanya uteleze.

Huenda baada ya hayo yote ukavu ukabaki, na mtu akastaajabu pua ikaukeje katika mji wenye unyevu kama Mombasa. Hapo mkosaji ni kinywa. Kwa kawaida pumzi itokayo hurudia puani na kuiachia pua sehemu ya unyevu wake; lakini kinywa kikifunguka usingizini, hewa ya mashine huingia puani na kutokea kinywani, upande mmoja tu, saa baada ya saa. Utando wa pua hukauka, kisha huvimba, pua huziba, na iliyoziba humlazimisha mtu kuzidi kufungua kinywa. Kinywa kikavu alfajiri ni dalili, na kumbukumbu za mashine huonyesha uvujaji ukianza baada ya usingizi kukolea.

Kwa hiyo pua ifunguliwe kwanza: isafishwe kwa maji ya chumvi ya dukani kabla ya kulala, na mwenye mzio apewe na tabibu dawa ya kupulizia, aitumie kila siku. Chombo cha maji yanayopashwa moto, kiambatanacho na mashine, kiongezwe nguvu hatua kwa hatua. Lakini palipo na kiyoyozi mvuke huweza kupoa na kuwa matone ndani ya mpira uletao hewa kwenye barakoa, na dawa yake ni kuupunguza mvuke au kuuvika mpira kitambaa. Mafuta ya mgando yasipakwe puani, kwa kuwa huiharibu silikoni na hayafai kuvutwa mapafuni. Kinywa kikizidi kufunguka, ndipo ivaliwe barakoa ifunikayo pua na kinywa pamoja.

Naye aingiwaye na hofu ya kufunikwa uso aivae mchana, mashine ikiwaka, huku akisikiliza redio, mpaka wajihi wake uzoee. Na usiku aombe shinikizo lianzie chini na kupanda polepole. Wengi huhesabu saa 4 kwa usiku kuwa ndicho kima cha chini cha kuivaa barakoa, ingawa hatari hurudi saa ile ile barakoa ivuliwapo, na ndiyo maana aamkaye usiku wa manane hana budi kuirejesha usoni kabla ya kulala tena. Umeme ukikatika na mashine ikategemea betri, azime kile chombo cha kupasha maji, kwani ndicho kilacho sehemu kubwa ya nguvu, na mashine itaendelea kupuliza kwa saa nyingi zaidi.