Fahamu: Kwa nini 'uzito' mmoja unaweza kuharibu notisi nzima ya fizikia

Nchini Tanzania, mwanafunzi aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali hukutana na vitabu vya Kiingereza anapoingia kidato cha kwanza. Baadhi hupiga picha ukurasa kwa simu, kisha huufupisha kwa Kiswahili.

Chukua ukurasa unaotofautisha tungamo na uzito. Sokoni, kilo tano za unga tunaziita uzito. Katika fizikia hizo ni tungamo, yaani kiasi cha maada, nacho hupimwa kwa kilogramu. Uzito ni kani ya mvutano, na hupimwa kwa nyutoni:

```
W = mg
5 × 9.8 = 49 N
```

Mwezini, ambako g ni takriban 1.6, uzito wa unga huo ni nyutoni 8 tu, ila tungamo hubaki kilogramu 5. Ukitumia "uzito" kwa yote mawili, notisi itasema uzito hubadilika na haubadiliki. Sentensi ikijipinga hivyo, chunguza istilahi kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya kufupisha, orodhesha istilahi za ukurasa na uipe kila moja neno moja usilolibadilisha. Ukiandika "kani" juu, usiandike "nguvu" chini.

Picha nayo hukosea: nukta ikififia, 9.8 husomeka 98, na jibu huwa 490. Rudia hesabu ya mfano kwa kalamu. Jibu lisipolingana na la kitabuni, fungua tena picha uikuze.