Ujumbe wa Sauti Ukikatika Kabla ya Jambo Lenyewe

Ujumbe wa sauti wa Kiswahili, hasa unaotoka kwa mtu mzima, huanza na salamu, hali ya nyumbani na habari za watoto. Jambo lenyewe huja mwishoni, kwa hiyo ujumbe ukikatika, linalopotea mara nyingi ndilo hilo.

Hatua ya kwanza ni kujua umekatikia wapi. Katika WhatsApp, urefu wa ujumbe huonekana kabla haujachezwa. Tuseme shangazi ametuma ujumbe wa sekunde 48, unaoishia kwenye maneno "sasa mwanangu, nilichokutafutia ni…". Ukisimama kwenye sekunde ya 30, hitilafu huenda iko kwa msikilizaji: aucheze upya, na kama bado, aangalie mtandao na nafasi kwenye simu. Ukifika 48 na maneno yakaishia hapo hapo, umekatikia kwa aliyetuma. Sababu ya kawaida ni kidole: anayerekodi kwa kushikilia kitufe cha maikrofoni akikiachia, ujumbe huondoka papo hapo.

Mara nyingi mtumaji hajui kilichotokea. Mbaya zaidi, ujumbe ukishasikilizwa, alama ya maikrofoni kwenye simu yake hugeuka buluu, naye huamini kwamba amesikika hadi mwisho. Msikilizaji akinyamaza, ukimya wake utaonekana ni kupuuza.

Kwa hiyo inafaa kungoja dakika chache, kwa kuwa aliyegundua kosa hutuma kipande cha pili. Kisipokuja, msikilizaji ajibu juu ya ujumbe ule ule, ataje neno la mwisho alilosikia na kuomba sehemu iliyobaki tu: "Shikamoo shangazi. Sauti imekatika uliposema 'nilichokutafutia ni'. Naomba unimalizie hapo." Jibu la "sijasikia" peke yake humfanya arudie salamu zote, na pengine akatike tena mahali pale pale.

Sauti ikiwa na kilio au haraka, au ujumbe umeingia usiku wa manane, kuandika hakufai. Apigiwe simu mara moja. Asipopokea, atafutwe mtu anayeishi naye, aulizwe tu kama yuko karibu na simu. Kuuliza "kuna msiba?" kwaweza kuzusha msiba usiokuwepo.

Lisilofaa kabisa ni kujaza pengo kwa kukisia. Pesa isitumwe kwa sababu sauti ilielekea kuomba, hasa pale ujumbe wa maandishi unapofuata ukiwa na namba ngeni ya kupokelea. Kwanza asikike mwenyewe kwa simu, kwa namba yake ya siku zote.

Kwa anayetuma, dawa ni mbili: atelezeshe kitufe cha maikrofoni kwenda juu ili kurekodi kujifunge bila kushikilia, na ataje haja yake mara tu baada ya salamu ya kwanza. Habari za watoto zinaweza kufuata.