Barua Pepe Fupi ya Kuomba Ruhusa ya Kusoma Data Bila Kuibadilisha

Katika ofisi ya mapato ya kaunti kuna ripoti ambayo ni lazima iwe mezani kila asubuhi: kiasi kilichokusanywa jana kutoka kila soko, kila eneo la maegesho na kila kizuizi cha ushuru wa mazao. Mara nyingi karani ndiye huingia kwenye mfumo, akapakua orodha ya malipo, akaibandika kwenye lahajedwali na kuanza kujumlisha. Siku akiwa likizo, ripoti haitoki. Programu ndogo ya kompyuta inaweza kuifanya kazi hiyo alfajiri, lakini inahitaji kwanza kufunguliwa mlango wa hifadhidata. Ufunguo uko kwa idara ya TEHAMA, na huombwa kwa barua pepe.

Maombi mengi ya aina hii hukaa bila jibu kwa sababu yameandikwa hivi: "Tunaomba ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa mapato kwa ajili ya ripoti." Msimamizi wa hifadhidata akisoma sentensi hiyo hajui kama mwombaji anataka kusoma au kubadilisha, wala anataka data ipi na saa ngapi. Akiwa mwangalifu atauliza maswali, na wiki mbili zitapita. Asipokuwa mwangalifu atatoa ruhusa kamili, na hilo ni baya zaidi. Programu yenye ruhusa kamili inaweza kufuta malipo ya mwezi mzima kwa amri moja iliyoandikwa vibaya, na mkaguzi wa hesabu akija, hakuna atakayeweza kumthibitishia kwamba tarakimu hazikuguswa.

Barua inayofaa haihitaji kuwa ndefu. Mfano wake ni huu:

Kwa: Mkurugenzi wa TEHAMA
Nakala: Mkurugenzi wa Mapato
Mada: Ombi la akaunti ya kusoma tu kwa ripoti ya mapato ya kila siku

Bwana Mkurugenzi,

Ofisi ya mapato inaomba akaunti moja ya kusoma tu kwenye hifadhidata ya mapato. Itatumiwa na programu ya ripoti, si na mtu. Tunahitaji tarehe, kituo, aina ya ada, jumla ya malipo, idadi ya malipo na saa ya malipo ya mwisho. Hatuhitaji majina wala nambari za simu za walipaji. Programu itasoma mara moja kwa siku, saa kumi na moja alfajiri, kutoka kwenye seva ya ripoti iliyo katika makao makuu. Tunaomba ruhusa hadi tarehe 31 Julai, kisha ipitiwe upya. Msimamizi wa akaunti ni afisa wa takwimu za mapato. Mkurugenzi wa Mapato ameidhinisha ombi hili.

Ahsante.

Sentensi inayosema kwamba akaunti ni ya programu na si ya mtu ina uzito kuliko inavyoonekana. Ofisi nyingi huipa programu nenosiri la karani ili kuharakisha mambo. Karani akihamishwa idara, akaunti yake hufungwa na ripoti hufa siku hiyohiyo. Akaunti isipofungwa, kila kinachofanywa na programu huandikwa kwa jina la mtu ambaye hayupo tena ofisini.

Sentensi ya majina na nambari za simu inatokana na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za watu zinazochukuliwa ziwe zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyotajwa. Mama mboga aliyelipa ada ya soko kwa M-Pesa ameacha nambari yake kwenye mfumo, lakini jumla ya soko la jana haiihitaji nambari hiyo. Ikiondolewa tangu mwanzo, haiwezi kuvuja kupitia faili ya ripoti ambayo watu kumi watatumiana.

Saa nayo ina sababu. Kusoma hakubadilishi kitu, ila hutumia nguvu za seva. Swali zito likiulizwa saa nne asubuhi, wakati wakusanyaji wako sokoni wakitoa risiti, mashine zao zinaweza kukwama.

Kwa barua kama hiyo, msimamizi anaweza kumaliza kazi kwa dakika chache. Katika hifadhidata ya PostgreSQL, huanza kwa kutengeneza mwonekano, yaani dirisha linaloonyesha taarifa hizo peke yake, kisha akaifungulia akaunti dirisha hilo tu:

```sql
CREATE ROLE ripoti_mapato LOGIN CONNECTION LIMIT 2;
GRANT USAGE ON SCHEMA ripoti TO ripoti_mapato;
GRANT SELECT ON ripoti.mapato_ya_siku TO ripoti_mapato;
ALTER ROLE ripoti_mapato SET statement_timeout = '60s';
```

Mstari wa mwisho hukatiza swali lolote linalozidi sekunde 60. Jedwali lenyewe la malipo halijatajwa popote, na ndivyo inavyotakiwa. Nenosiri huwekwa kando na kukabidhiwa ana kwa ana au kwa simu. Likiandikwa kwenye barua pepe litabaki humo miaka mingi.

Kabla ya kushukuru, mwombaji ajaribu kufanya kile asichoruhusiwa. Aingie kwa akaunti mpya na aandike amri hii, ambayo haiwezi kufuta chochote hata kama ruhusa ilitolewa kimakosa, kwa kuwa sharti lake halitimizwi na mstari wowote:

```sql
DELETE FROM public.malipo WHERE false;
```

Jibu sahihi ni `permission denied for table malipo`. Akiona `DELETE 0` badala yake, amepewa ruhusa ya kufuta, na anapaswa kuwapigia TEHAMA simu siku hiyo. Ajaribu pia kusoma jedwali hilo kwa `SELECT`. Hilo nalo likataliwe.

Tarehe 31 Julai iliyo kwenye barua nayo haikuwekwa kiholela. Wengi huomba ruhusa hadi 30 Juni kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali huishia hapo. Lakini ripoti ya tarehe 30 Juni husomwa alfajiri ya 1 Julai, wakati nenosiri limeshakwisha muda. Tena, msimamizi akiandika `VALID UNTIL '2026-06-30'`, PostgreSQL huhesabu saa sita usiku inayoianza siku hiyo, si inayoimaliza. Ofisi hukosa ripoti za siku mbili za mwisho wa mwaka, ambazo ndizo zinazotafutwa zaidi wakati wa kufunga hesabu.

Kukosa ripoti kabisa kuna nafuu, maana mtu ataulizia. Hatari iko pale programu inaponyimwa ruhusa, ikashindwa kusoma, lakini bado ikatuma ripoti yenye sifuri kila mahali. Mkuu wa soko ataitwa kujieleza kwa fedha ambazo zililipwa vizuri. Kwa hiyo programu iandikwe ili ikishindwa kuingia itume ujumbe wa "Ripoti haikutoka" na sababu yake, na kila ripoti inayotoka ionyeshe idadi ya malipo iliyosomwa pamoja na saa ya malipo ya mwisho. Soko lenye sifuri siku ya mnada, huku masoko mengine yote yana malipo, hilo ni la kumuuliza mkuu wa soko. Sifuri katika masoko yote kwa siku moja ni la kuwauliza TEHAMA.