Hesabu ya sahani za mzazi kwa siku moja

Mwanamke akishajifungua, kitu cha kwanza kumfikia mkononi huwa ni cha kunywa. Uchagani ni mtori. Dar es Salaam na Unguja ni uji wa pilipili manga, na kwingineko ni supu ya kuku au ya samaki. Wakubwa wa nyumba wana neno moja: mzazi ale sana, maziwa yatoke. Ushauri huo ni sahihi, ila hausemi "sana" ni kiasi gani, wala haugusi jambo zito zaidi, yaani sana ya nini. Hayo yanaweza kujulikana jikoni, kwa mizani, kalamu na siku moja ya kuandika kila kinachoingia mdomoni.

Tuanze na gharama ya maziwa yenyewe. Mama anayenyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine hutoa takribani gramu 800 za maziwa kwa siku katika miezi 6 ya mwanzo. Kila gramu 100 za maziwa hayo zina kalori 67 hivi (kalori tunazozisema hapa ni zile kilokalori zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula), kwa hiyo mtoto hunywa kalori zipatazo 540. Lakini kutengeneza maziwa nako kunakula nishati: kati ya kila kalori 100 ambazo mwili wa mama unatumia kwa kazi hiyo, takribani 80 tu ndizo zinazofika kwenye titi. Ndiyo maana gharama halisi inapanda hadi karibu kalori 675 kwa siku.

Mama hatakiwi kuzila zote. Mafuta aliyojiwekea wakati wa ujauzito yapo kwa kazi hii hii, na hutoa kama kalori 170 kila siku. Zinabaki 500 na ushei, na hicho ndicho kiwango ambacho wataalamu wa FAO, WHO na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walikitoa katika ripoti yao ya mwaka 2004. Aliyeongezeka uzito kidogo mno wakati wa mimba hana akiba hiyo, hivyo yeye anatakiwa kula zote 675.

Protini ina hesabu yake. Maziwa ya mama hayana protini nyingi. Kwa siku nzima humpa mtoto kama gramu 9. Lakini mwili haugeuzi protini ya chakula kuwa protini ya maziwa bila kupoteza, na mama analazimika kula takribani mara mbili ya kile kinachotoka. Nyongeza inayopendekezwa ni gramu 19 kwa siku katika miezi 6 ya kwanza. Baadaye, mtoto akishaanza uji na vyakula vingine, inashuka hadi gramu 13 hivi.

Sasa tumchukue mama wa kupigiwa mfano. Ana miaka 28, kilo 55, mtoto wake ana miezi miwili. Anafua, anapika, anafagia, anauza vitu vidogo barazani. Kabla ya mimba mwanamke wa namna hii alihitaji kalori zipatazo 2,200 kwa siku, na protini gramu 46, maana mtu mzima huhesabiwa gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake. Tukiweka nyongeza ya kunyonyesha, lengo lake linakuwa kalori 2,700 na protini gramu 65. Anayeshinda shambani na jembe atahitaji kalori zaidi ya hizo, na anayeshinda amekaa atahitaji pungufu.

Kabla ya kufungua daftari lake, neno kuhusu kupima, kwani hapo ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Pima chakula kikiwa kikavu, kabla hakijaingia sufuriani. Ugali na wali hunywa maji, na uzito wa sahani hautakuambia maji ni kiasi gani. Huna mizani? Muuza duka atakupimia mara moja kikombe chako cha unga, cha mchele na cha maharage. Ukishajua uzito wake, kikombe hicho ndicho mizani yako. Ugali wa sinia unahitaji jicho: kama uliingia unga wa nusu kilo na mama akala karibu theluthi, amekula unga wa gramu 150. Mafuta nayo yagawe kwa walaji, na usiyasahau, maana kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120. Mtego mkubwa zaidi ni upawa wa maharage. Upawa uliojaa mchuzi na punje chache unaandikwa "maharage" sawasawa na uliojaa punje, wakati protini iko kwenye punje.

Siku ya mama wetu ilikuwa hivi. Asubuhi alikunywa chai ya rangi yenye sukari vijiko vitatu na maandazi mawili: kalori 460, protini gramu 7. Saa 4 akaletewa nusu lita ya uji wa mahindi wenye pilipili manga na sukari, uliopikwa kwa unga wa gramu 50: kalori 260, protini gramu 4. Mchana alikula wali wa mchele wa gramu 120 uliotiwa mafuta, maharage ambayo yangekuwa gramu 40 yakiwa makavu, na mchicha kidogo. Hapo kalori ni 725 na protini gramu 19. Jioni chai ya rangi tena na kiazi kitamu, kalori 190 na protini gramu 2. Usiku ugali wa unga wa gramu 150 na mchicha wa kukaanga, kalori 655, protini gramu 15.

Jumla ni kalori 2,290 na protini gramu 47.

Tazama hizo namba mbili kwa makini. Ni zile zile, karibu kabisa, za mwanamke huyo asiyenyonyesha. Amekula mara tano, ameshiba kila mara, na hakuna aliyemnyima kitu. Hata hivyo amepungukiwa kalori 410 na protini gramu 18, yaani chakula chake chote kimemlisha yeye peke yake, na maziwa yametoka mwilini mwake.

Mtoto huenda asionyeshe lolote. Kiasi cha maziwa, pamoja na nishati na protini yake, hubaki karibu vile vile hata mama akila pungufu, mpaka utapiamlo uwe mkali. Si kila kitu kinalindwa hivyo: vitamini A, baadhi ya vitamini B na madini joto hupungua kwenye maziwa mama akizikosa. Lakini kwa nishati na protini anayelipa kwanza ni mama, na kadi ya kliniki yenye mstari unaopanda vizuri haithibitishi kwamba mama naye anakula vya kutosha. Kipimo chake ni mizani yake mwenyewe. Akiba ya ujauzito ikitumika kwa kadiri, mama hupungua chini ya kilo moja kwa mwezi. Kalori 410 za pengo zikiongezwa kwenye zile 170, upungufu unaweza kufikia kilo mbili na nusu kwa mwezi siku zikiendelea hivyo. Mwenye mwili mkubwa anaweza kuuhimili kwa muda. Mwembamba hawezi.

Sasa bibi atasema aongezewe uji. Tujaribu. Nusu lita ya uji ule ina protini gramu 4, hivyo kuziba pengo la gramu 18 kunahitaji zaidi ya lita mbili za uji juu ya aliokwisha kunywa, na kalori zitapita lengo kwa mbali huku tumbo likikosa nafasi ya chakula kingine. Pilipili manga haina ubaya, na mama anayenyonyesha hupata kiu kweli, basi anywe. Lakini kunywa kupita kiu hakuongezi maziwa. Kinachoyaongeza ni mtoto kunyonya mara kwa mara na titi kumalizika. Kwa maoni yangu Wachaga wametuacha mbali katika jambo hili, kwa kuwa mtori una ndizi na nyama ndani yake, na nyumba nyingine huutia maziwa. Pia ni chakula cha kunywa, ila kina kitu.

Turudi kwenye daftari na tubadilishe machache, bila kugusa milo yenyewe. Chai ya asubuhi iwe ya maziwa, ipate mililita 200 za maziwa: kalori 130, protini gramu 6. Uji wa saa 4 utiwe karanga zilizotwangwa, gramu 30, ambazo ni kiganja kimoja: kalori 170, protini gramu 8. Mchicha wa usiku uchanganywe na dagaa wakavu gramu 20, nao wana kalori 65 tu lakini protini gramu 12. Ndizi mbivu moja jioni iongeze kalori 100 na gramu moja.

Nyongeza yote ni kalori 465 na protini gramu 27. Siku sasa imefika kalori 2,755 na protini gramu 74.

Kalori zimegonga lengo. Protini imepita kwa gramu 9, na ziada hiyo si anasa. Kiwango cha gramu 65 kimewekwa kwa protini iliyo bora na inayosagika vizuri tumboni, kama ya maziwa, mayai au samaki. Protini ya mahindi, mchele na maharage haitumiki yote, kwa hiyo anayeitegemea zaidi mimea anahitaji kula zaidi ya namba iliyoandikwa. Kula maharage pamoja na wali au ugali katika mlo mmoja kunasaidia, kwa kuwa kinachopungua kwenye nafaka kimo kwenye maharage. Ndiyo sababu mlo wa usiku wa ugali na mchicha peke yake ndio ulikuwa dhaifu kuliko yote, ingawa ndio ulioshibisha zaidi.

Asiyepata dagaa anaweza kuweka mayai mawili, nayo yana protini gramu 12 vile vile, au kuongeza gramu 55 za maharage makavu yagawanywe mchana na usiku. Asiyeweza karanga kwa sababu ya mzio aongeze maziwa. Ukitaka kubadilisha kimoja tu kwa sababu ya mfuko, anza na dagaa: viganja viwili vya sukari havitampa mama hata gramu moja ya protini.

Hesabu hii ina mipaka. Siku moja si mwezi. Sikukuu na siku ya mwisho wa mshahara zitadanganya, basi pima siku ya kawaida, kisha rudia siku nyingine ya wiki. Anayenyonyesha mapacha ahesabu nyongeza karibu mara mbili. Na namba hazisemi chochote kuhusu damu, ambayo inataka kipimo chake hospitalini. Ukimpeleka mtoto kliniki mwezi ujao, mwombe nesi akupime uzito na wewe, auandike, na ukikuta umepungua zaidi ya kilo mbili tangu mwezi uliopita, mwonyeshe daftari la siku yako kabla hujaondoka.