Jibu Likipukutika Njiani

Mweka hazina wa chama cha kuweka na kukopa anamwandikia fundi wa kompyuta. Wanachama waliokwisha kulipa ada ya mwaka, shilingi 20,000, anataka hali zao kwenye mfumo zisomeke "hai". Chama ni chake, data ni yake, na amri za MySQL anazijua kiasi cha kuzibandika mwenyewe. Anachohitaji ni jibu.

Fundi anamjibu bila choyo. Anaandika amri, anachora jedwali la viwango vya ada, halafu anamalizia na ushauri. Kwenye skrini yake jibu linapendeza kweli: amri imekaa ndani ya kisanduku cha kijivu, jedwali lina mistari iliyonyooka, na chini kabisa neno MUHIMU limekolezwa wino. Amri yenyewe ni hii:

```sql
UPDATE wanachama
SET hali = 'hai' -- waliolipa tu
WHERE ada_2024 >= 20000;
```

Asiyeijua lugha hii asitishike. Mstari wa kwanza unasema badilisha jedwali la wanachama. Wa pili unasema hali iwe "hai". Wa tatu ndio unaoweka mpaka: wale tu ambao ada yao ni 20,000 au zaidi. Vile vistari viwili na maneno yanayovifuata ni maelezo ya fundi kwa binadamu mwenzake. Kompyuta ikivikuta huruka kila kitu kilichobaki mpaka mwisho wa mstari.

Hapo ndipo pa kutazama, kwa sababu mwisho wa mstari ni kitu kinachopotea kirahisi sana. Kurasa za mtandao zimejengwa juu ya kanuni kwamba kuruka mstari ni sawa na nafasi moja tu, na nafasi kumi mfululizo nazo ni sawa na moja, mpaka mwandishi wa ukurasa aagize vingine. Kwa hiyo jibu likipitia kwenye fomu isiyojali mistari, au likikopiwa kutoka kwenye PDF, au likibandikwa mahali penye nafasi ya mstari mmoja tu, linamfikia mweka hazina likiwa hivi:

```sql
UPDATE wanachama SET hali = 'hai' -- waliolipa tu WHERE ada_2024 >= 20000;
```

Hakuna herufi iliyopungua. Ukiisoma kwa macho ni amri ile ile. Kwa kompyuta, lakini, kila kitu baada ya vile vistari viwili sasa ni maelezo, pamoja na ule mpaka wa WHERE. Amri iliyobaki inasema: fanya wanachama wote kuwa hai, aliyelipa na asiyelipa.

Akiitumia kwenye ukurasa wa phpMyAdmin, inafanya kazi papo hapo. Akiitumia kwenye dirisha jeusi la MySQL, kinatokea kitu cha ajabu kidogo: hakitokei kitu. Nukta-mkato ya kufunga amri nayo imemezwa na maelezo, basi programu inamwonyesha alama ya `->` na kumsubiri. Yeye anadhani imekwama. Mtu aliye pembeni anamwambia, "Mama, umesahau nukta-mkato." Anaiandika, anabonyeza, na skrini inamjibu `Query OK`. Hakuna onyo wala wekundu. Dalili pekee ni namba inayofuata maneno `Rows matched`. Tuseme chama kina wanachama 640 na waliolipa ni 412: akiona 640 ajue mambo yameharibika. Ila ni nani anayeitazama namba hiyo, kama jibu halikumwambia aitazame?

Ajabu ni kwamba uharibifu mwingine wa njiani humwokoa mtu. Simu nyingi hugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda, na vistari viwili kuwa kimoja kirefu. Amri iliyoguswa hivyo MySQL inaikataa kwa kelele, na hakuna kinachobadilika. Inaudhi, lakini data iko salama. Wa kuogopa ni uharibifu usiopiga kelele, na mimi ningelipima kila jibu la namna hii kwa swali hilo moja: likivuliwa mapambo yake yote, litakataa kufanya kazi au litafanya kazi nyingine?

Jedwali nalo lina hila zake. Fundi alilichora hivi:

```
| Ada aliyolipa  | Hali mpya | Mkopo   |
|----------------|-----------|---------|
| 20000 na zaidi | hai       | ndiyo   |
| 1 hadi 19999   | anadaiwa  |         |
| 0              | amesimama | hapana  |
```

Kisanduku kimoja amekiacha wazi, kwa kuwa uamuzi wa mkopo kwa wanaodaiwa ni wa kamati. Sasa ondoa mistari, fuata kanuni ile ile ya nafasi moja, uone kilichobaki:

```
20000 na zaidi hai ndiyo 1 hadi 19999 anadaiwa 0 amesimama hapana
```

"Anadaiwa 0." Kisanduku kitupu hakiachi kovu. Kilichokuwa mwanzo wa safu ya tatu kimesogea mbele na kuketi kwenye kiti kisicho chake, na sentensi mpya imezaliwa ambayo hakuna mtu aliyeiandika. Alama zinazotumika kuandika majedwali kwa vijiti namna hii zinatokana na Markdown, mtindo uliotolewa na John Gruber mwaka 2004 kwa nia kwamba maandishi yasomeke vizuri hata yakiwa matupu. Mtindo huo wa awali haukuwa na alama za majedwali. Waliokuja baadaye ndio walioziongeza. Pengine ndiyo maana jedwali ndilo linaloanguka vibaya kuliko vyote.

Limebaki lile neno MUHIMU. Chini yake fundi aliandika kwamba nakala ichukuliwe kabla ya kubadilisha chochote. Ushauri bora kuliko yote, umewekwa mahali ambapo msomaji anafika akiwa amekwisha kubonyeza. Kukolezwa wino ndiko kulikokuwa kunauvuta macho. Kukoleza kukipotea, unabaki kuwa sentensi ya mwisho ya ujumbe mrefu.

Juu kuna kasoro nyingine ambayo ni yetu wenyewe. Ujumbe ulianza: "Shikamoo mama, habari za tangu juzi, poleni na msiba, watoto hawajambo?" Heshima hiyo huwezi kuiruka, na haifai kuirukwa. Lakini simu ikiwa imefungwa, kile kidirisha cha taarifa kinaonyesha maneno ya mwanzo tu, na maneno hayo yote yamekwenda kwenye salamu. Dawa ni rahisi: salamu itumwe peke yake kwanza, iitikiwe, ndipo jibu lije kama ujumbe wake, likianza moja kwa moja na lile ambalo mama akilisoma peke yake linamtosha asiharibu.

Basi jibu hilo hilo lipangwe upya. Mpangilio usifuate mantiki ya fundi, amri kwanza kwa kuwa ndiyo iliyoulizwa. Ufuate madhara, yaani kile ambacho kukikosa ni hatari zaidi kitangulie.

"Mama, kabla ya kubadilisha chochote chukua nakala ya jedwali la wanachama. Amri ya kubadilisha ni lazima iishie na WHERE ada_2024 >= 20000. Ukikuta haina maneno hayo mwishoni, imekatika njiani, usiitumie. Anza na hii, inahesabu tu, haibadilishi kitu:"

```sql
SELECT COUNT(*) FROM wanachama WHERE ada_2024 >= 20000;
```

"Idadi ikilingana na risiti zako, ndipo utumie hii:"

```sql
UPDATE wanachama SET hali = 'hai' WHERE ada_2024 >= 20000;
```

"Namba ya Rows matched iwe sawa na ile ya kuhesabu. Ikiwa kubwa zaidi, simama, unipigie. Kwa viwango vingine: aliyelipa kuanzia 1 hadi 19,999, hali yake ni anadaiwa, na mkopo wake utaamuliwa na kamati. Ambaye hajalipa kitu, hali yake ni amesimama, na mkopo hapati."

Tazama kilichofanyika. Kila amri iko kwenye mstari mmoja, kwa hiyo mistari ikipotea hakuna cha kupoteza. Maelezo yametolewa ndani ya amri yakawekwa kwenye sentensi. Mpaka wa WHERE umetajwa mara mbili, kwa maneno na kwa amri, ili kimoja kikiharibika kingine kikitoe makosa. Amri ya kwanza haina madhara, maana mtu mwenye haraka hubandika ya kwanza anayoiona. Hata kile kinyota cha COUNT kikiliwa njiani, MySQL itakataa na data itabaki ilivyo. Jedwali limekuwa sentensi ambazo kila moja inabeba kichwa cha safu yake, na kisanduku kitupu kimepewa maneno.

Wapo watakaosema fundi angetanguliza `START TRANSACTION;` ili mama aweze kurudi nyuma kwa `ROLLBACK;` namba ikimshtua. Ni kweli kwenye dirisha jeusi, iwapo jedwali ni la aina ya InnoDB, ambayo ndiyo ya kawaida tangu MySQL 5.5. Kwenye phpMyAdmin haisaidii, kwa kuwa kila anapobonyeza Go anafungua muunganisho mpya. Fundi asiyejua mama anatumia ipi asimpe kinga ambayo huenda haipo.

MySQL yenyewe ina kinga iitwayo `--safe-updates`, inayokataa UPDATE isiyo na mpaka. Waliomtengenezea jina la pili walikuwa na utani: `--i-am-a-dummy`, yaani mimi ni bwege. Tatizo ni kwamba inadai mpaka utumie safu yenye ufunguo, au amri iwe na LIMIT, na safu ya ada kwa kawaida haina ufunguo. Hivyo ingeizuia hata amri yetu iliyo sahihi, na mama angeizima ili amalize kazi.

Kabla ya kutuma, kipimo kinachukua dakika moja. Bandika jibu lote kwenye Notepad, futa kila mwanzo wa mstari mpya mpaka liwe donge moja, kisha lisome kwa sauti kama unayemsomea mtu kwenye simu. Panapokulazimu kusema "hapa kuna jedwali", jedwali hilo livunjwe liwe sentensi.

Kuna vitu ambavyo havipiti kipimo hicho hata ufanyeje. Python ni mfano: nafasi za mwanzo wa mstari ni sehemu ya amri yenyewe, zikipotea maana nayo inapotea, na kubana yote kwenye mstari mmoja mara nyingi haiwezekani. Hapo fundi atume faili, na kwenye ujumbe aandike jina la faili, kile linachobadilisha, na namba ambayo mama anapaswa kuiona likimaliza kazi.