Kabla ya Kuandika "Inawasha Nyumba Nzima"

Picha ni nzuri: jenereta nyekundu, mpya, mpini wake bado una nailoni. Chini yake muuzaji ameandika kwa herufi kubwa: "3.5 KVA ORIJINO. INAWASHA NYUMBA NZIMA. WARANTI IPO. BEI NJOO INBOKSI." Aliyepitia mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 anayafahamu matangazo haya, na anazifahamu pia simu za wauzaji wa Kariakoo zinavyojaa maswali yaleyale baada ya picha kama hiyo kurushwa. "Bosi, inawasha friza?" "Kaka, mwisho shilingi ngapi?" "Waranti ni miezi mingapi?"

Maswali hayo matatu ndiyo tangazo lenyewe lilipaswa kuyajibu. Muuzaji ametumia mistari minne, na mteja bado hajui kitu chochote cha kumfanya atoe pesa.

Kazi ya kuandika maelezo mazuri inaanzia kwenye kibao, ile karatasi ngumu au bati dogo lililobandikwa ubavuni mwa jenereta. Jina la mashine si kibao. Namba iliyo kwenye jina huchaguliwa na kiwanda ili ivutie, na mara nyingi ni kubwa kuliko nguvu halisi. Zile jenereta ndogo za kuchanganya petroli na oili, zenye 950 kwenye jina, ni mfano mzuri: kibao cha nyingi kati yake kinasema wati 650. Mteja aliyesoma jina tu anapiga hesabu ya wati 300 ambazo hazipo.

Hata kibao chenyewe kinataka jicho. Kwa kawaida kina namba mbili za nguvu, moja kubwa kidogo kuliko nyingine, tuseme kilowati 2.8 na kilowati 2.5. Ile ndogo ndiyo nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa kwa saa nyingi mfululizo. Ile kubwa ni ya muda mfupi tu. Mchukuzi wa Kariakoo anaweza kuinua gunia zito mno akapiga nalo hatua chache hadi kwenye mkokoteni, lakini hakuna anayempangia mzigo huo kuanzia asubuhi hadi jioni. Jenereta inayolazimishwa kukaa kwenye namba kubwa inapata moto, koili zinaungua, na mteja anarudi dukani akiwa amekasirika. Kwa hiyo namba ya kuandikwa kwenye tangazo ni ile ndogo, na muuzaji anayetaka kutaja kubwa aitaje kwa jina lake: nguvu ya muda mfupi.

Kuna mtego mwingine ambao hata baadhi ya wauzaji huwa hawauoni. Vibao vya mashine zinazouzwa nchi nyingi huwa na safu mbili, moja ya 50Hz na nyingine ya 60Hz. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na 50Hz. Jenereta nyingi za kawaida za aina hii huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa 50Hz, na mara 3,600 ili kutoa 60Hz. Injini inayozunguka kwa kasi zaidi hutoa nguvu zaidi, ndiyo maana safu ya 60Hz ina namba zinazopendeza. Hazimhusu mteja wa Mbagala wala wa Moshi.

Halafu kuna hizo herufi KVA. Kwa lugha rahisi, wati ndizo zinazofanya kazi nyumbani, na VA ni volti mara ampea, mzigo ambao nyaya na koili zinaubeba. Kwenye taa za kawaida na pasi namba hizo mbili hulingana au hukaribiana. Kwenye vitu vyenye mota, kama friji, hutofautiana. Inveta nyingi huuzwa kwa VA, na kinachotakiwa ni kuzidisha namba hiyo kwa kigezo kilichoandikwa kwenye boksi. Kikiwa 0.8, inveta ya VA 1,000 ni ya wati 800. Zipo za bei nafuu ambazo kigezo chake ni 0.6, na hizo VA 1,000 zake ni wati 600 tu. Inveta mbili zinaweza kubeba namba ileile ya VA, na moja ikamzidi mwenzake kwa wati 200. Muuzaji akiandika wati, ubishi umekwisha.

Sasa lile swali la friza. Tuchukue mteja mwenye genge la juisi na barafu, nyumba na biashara vikiwa pamoja. Ana runinga ya wati 60, king'amuzi cha wati 15, ruta ya wati 10 na taa nne za wati 9 kila moja. Jumla ni wati 121. Ana na friza la wati 150. Akijumlisha vyote anapata wati 271, na mtu yeyote angesema jenereta ya kilowati moja inatosha na kubaki.

Tatizo ni sekunde ya kwanza. Kompresa ya friza inapoanza kuzunguka kutoka kwenye kusimama huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishakolea, pengine mara tatu, pengine mara sita. Kwa friza hili inaweza kufika wati 900. Ongeza zile 121 zinazoendelea kuwaka na sekunde hiyo inadai wati 1,021. Jenereta ya kilowati moja itaguna, taa zitafifia, na siku nyingine kompresa itakataa kabisa kuwaka, itavuma tu huku ikipata joto. Mvumo huo ukiendelea, friza lizimwe mara moja, kwa sababu kinachofuata ni kuungua kwa mota yake. Jenereta ya kilowati 2 au 2.5 inaimeza sekunde hiyo bila shida, na ndiyo anayotakiwa kuonyeshwa.

Kwa inveta hesabu ina kipande cha pili, nacho ni betri. Wateja wengi huuliza "inakaa masaa mangapi?" na wauzaji wengi hujibu kwa kubahatisha, ilhali jibu liko kwenye namba zilizoandikwa ubavuni mwa betri. Volti 12 mara Ah 100 ni wati-saa 1,200. Betri ya risasi au ya jeli haitakiwi kumalizwa yote. Ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara inazeeka haraka. Zinabaki 600. Inveta nayo hula sehemu yake inapogeuza umeme, kwa hiyo zinazofika kwenye soketi ni kama 500. Gawanya kwa zile wati 121 za runinga, king'amuzi, ruta na taa: ni saa nne na dakika chache. Friza likiingia, hata kama kompresa inapumzika nusu ya muda, wastani unapanda hadi wati 196 na saa zinashuka hadi mbili na nusu. Betri ya lithiamu ya Ah hizohizo inaruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi ya ilichonacho, na hapo ndipo tofauti ya bei inapoanza kueleweka.

Jambo moja la inveta lisisahauliwe kwenye maelezo: aina ya mawimbi. Zile za bei ya chini hutoa mawimbi ya ngazi-ngazi. Taa na chaja kwa kawaida hazijali, lakini feni itanguruma na mota ya friji itapata joto kuliko kawaida. Ukiandika kwamba inafaa friji, iwe ni ile ya mawimbi safi.

Kuhusu bei, ile desturi ya "njoo inboksi" inamchosha mteja na inamlazimisha muuzaji kuandika jibu lilelile mchana kutwa. Kinachostahili kusemwa wazi ni bei, na kama kodi ya ongezeko la thamani imo. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, jenereta iliyotangazwa kwa shilingi 850,000 kabla ya kodi inakuwa 1,003,000 mteja anapodai risiti ya EFD. Akiijulia kaunta tofauti hiyo ya laki moja na nusu, ataiita utapeli. Vilevile isemwe kama koili ni ya shaba au ya aluminiamu. Wanunuzi wa siku hizi wanauliza, na ya shaba huwa ghali zaidi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, kwa hiyo aluminiamu kuitwa shaba si ujanja wa soko tu.

"Waranti ipo" ni maneno matupu mpaka yajibu nani anatoa, duka au kiwanda; muda gani; kitu gani kinafunikwa; na mteja wa mkoani atalipiwa usafiri au atajilipia. Betri mara nyingi ina waranti yake, tofauti na ya inveta. Na hapa pana kosa moja linaloua jenereta mpya kuliko unavyodhani. Jenereta nyingi husafirishwa bila oili ndani ya injini. Mteja anafika nyumbani, anajaza petroli, anavuta kamba, injini inawaka vizuri, na baada ya muda mfupi chuma kinasagana na chuma na inajikaba. Zenye sensa ya oili hukataa kuwaka. Zisizo nayo hukubali na kufa. Karibu hakuna waranti inayofunika hilo, hivyo onyo hilo liandikwe kwenye tangazo, na lirudiwe dukani.

Ukikusanya haya yote, maelezo ya picha ile nyekundu, kwa bei ya mfano, yanaweza kuwa hivi: "Jenereta ya petroli, kilowati 2.5 za kudumu, volti 230, 50Hz, koili ya shaba. Inawasha friza moja la wati 150, runinga, taa na feni kwa pamoja. Haifai kiyoyozi pamoja na pasi. Sh 1,003,000, kodi imo, risiti ya EFD inatolewa. Waranti ya duka miezi 6 kwa koili na kidhibiti cha volti. Haihusu injini iliyowashwa bila oili. Weka oili kabla ya kuwasha mara ya kwanza, ibadilishe baada ya saa 20. Iwekwe nje, mbali na madirisha, moshi wake unaua."

Yanabaki mafupi, yanasomeka kwenye simu. Kama duka linauza mikoani, kuna sentensi ya kuongeza. Namba za vibao kwa kawaida hupimwa kwa hewa ya usawa wa karibu na bahari, na injini ya kabureta hupoteza takribani asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi, na huko kilowati 2.5 za Dar es Salaam zinakuwa takribani kilowati 2. Genge letu la juisi lingeendelea kuwaka. Aliyepanga kutumia kilowati zote 2.5 achukue saizi inayofuata.